Tafakari ya Ramadhani, siku ya 14: Je, Muislamu anahitaji chama chake cha siasa?



Vijana wetu wameuliza swali baada ya tarawehe, na ni swali la haki. Nchi ina vyama vingi, mbona hakuna hata kimoja cha Waislamu? Na nchi ikisema haina dini, si ndiyo inamwambia muumini aache imani yake nje kabla hajaingia kupiga kura? Tusilijibu kwa jazba. Tuanze na kilichoandikwa.

Katiba yetu, Ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano haina dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu na kutangaza dini yake, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za serikali. Ibara ya 20 inakataza kusajili chama ambacho katiba au sera yake inapigania maslahi ya kundi la dini, au ya kabila, au ya eneo moja tu. Hapo angalieni vizuri: kinachopimwa ni katiba na sera ya chama, siyo dini ya mwenyekiti. Marehemu Christopher Mtikila alikuwa mchungaji, na chama chake cha DP kilikuja kusajiliwa. Kwa hiyo sheikh au padri hakatazwi siasa. Kinachokatazwa ni chama kuwa mali ya waumini wa dini moja.

Sasa je, katazo hilo linatudhulumu? Tuangalie jirani zetu. Mwaka 1992, Kenya iliporudi kwenye vyama vingi, Waislamu wa Mombasa walianzisha chama kilichoitwa Islamic Party of Kenya. Malalamiko yao hayakuwa ya kubuni. Walilalamika kwamba Muislamu akiomba pasipoti anadaiwa ushahidi wa uraia ambao mwenzake hadaiwi, na kwamba Pwani imeachwa nyuma. Serikali ilikataa kukisajili kwa sababu ni cha kidini. Mombasa ikaingia kwenye vurugu. Mwishowe, kwenye uchaguzi wa Desemba 1992, wafuasi wake waliunga mkono wagombea wa FORD-Kenya, chama cha watu wa dini zote.

Hapo kuna mafunzo mawili, na yote mawili tuyabebe. La kwanza ni la watawala: kukataa chama hakuondoi malalamiko. Ukifunga mlango na shida ikabaki ndani, itatafuta dirisha. La pili ni letu. Katiba mpya ya Kenya ya mwaka 2010 ilibakiza Mahakama za Kadhi, ingawa makanisa mengi yalizipinga sana, na katiba hiyohiyo inakataza chama kujengwa juu ya dini. Mahakama hizo hazikuokolewa na chama cha Waislamu. Zilipita kwenye kura ya maoni ambayo Wakristo wengi nao waliipigia ndiyo.

Na hapa kwetu lilishawahi kujaribiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na chama kilichoitwa AMNUT, cha Waislamu wa Tanganyika. Kilitaka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha. Pengo la elimu lilikuwa la kweli kabisa. Lakini Waislamu wenyewe hawakukifuata. Walio wengi walibaki TANU pamoja na wenzao Wakristo. Waliona kwamba shida yao ilikuwa na dawa, ila dawa hiyo haikuwa kujitenga.

Tufanye hesabu ndogo. Chukulia kata yenye wapiga kura 1,000, na Waislamu ni 300. Tukiwa na chama chetu, na wao wakaunda chao, uchaguzi wa diwani unakuwa umekwisha kabla ya kampeni. Wao 700, sisi 300, leo na miaka mitano ijayo. Hakuna atakayeuliza nani ataleta maji wala nani amekula fedha za zahanati. Diwani wao hana sababu ya kutujali, kwa kuwa hatumpi kura. Na wetu hana sababu ya kuwa mwaminifu, kwa kuwa tutampa tu. Hata tungekuwa sisi ndio 700, mwizi wa kwetu angejificha nyuma ya kanzu, na ukimkosoa mwenyekiti utaambiwa umeikosoa dini. Tena dini ya nani? Msikiti mmoja tu tunaweza kubishana juu ya kuandama kwa mwezi!

Kura ikishakuwa sensa, anayeshindwa hawezi kusubiri uchaguzi ujao, maana idadi yake haitabadilika. Sisi wa Buha hatuhitaji kuhadithiwa. Wageni wetu wa Nyarugusu na Nduta waliotoka Burundi wanajua siasa ya makundi ya kuzaliwa inamfikisha mtu wapi.

Kinyume chake tumekiona wenyewe. Mwaka 2010 Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe zote zilichagua wabunge wa NCCR-Mageuzi. Miaka mitano baadaye hawakurudi. Hilo linawezekana pale tu ambapo kura ya mtu inaweza kuhama.

Lakini tuseme kweli, sheria ina mpaka wake. Inazuia jina, haizuii mnong'ono. CUF iliitwa chama cha Waislamu. CHADEMA, ilipomsimamisha Dkt. Slaa aliyewahi kuwa padri, ikaitwa ya Wakatoliki. Kwa hiyo ukiambiwa fulani ni "mdini", uliza jambo moja: ni kipi katika sera yake kinampa mtu haki au kumnyima kwa sababu ya dini yake? Asipokuonyesha, huyo anayekunong'oneza ndiye analeta udini.

Basi imani yetu inaingiaje? Inaingia kama dhamiri, na inazungumza kwa hoja ambayo jirani naye anaweza kuipima. Mfano ni mikopo ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Kwa sheria haina riba. Muislamu anaipenda kwa sababu riba ni haramu. Mama Mkristo wa sokoni anaipenda kwa sababu haimli faida yake. Sababu mbili, kura moja, na hakuna aliyeacha imani yake nje.

Mkumbukeni Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Alifanya kazi chini ya mfalme asiye wa dini yake. Alipoomba kusimamia hazina ya Misri hakutaja ukoo wala dini. Alitaja mambo mawili: kwamba yeye ni mlinzi mwaminifu na mjuzi wa kazi. Njaa ilipoingia, chakula alichokihifadhi kililiwa na wote. Na katika Surat al-Maida, aya ya 8, Mwenyezi Mungu anatuonya tusiache chuki yetu kwa watu itutoe kwenye uadilifu. Anayetaka chama cha kidini ajiulize kwanza: nikishinda, jirani yangu asiye Muislamu atapata haki yake kwangu, au atabaki kutegemea huruma yangu?

Yaa Rabbi, tupe viongozi waadilifu, na utufanye sisi wenyewe waadilifu kwa tunaotofautiana nao. Utakabalie funga zetu. Aamin.

Futari njema.