Jibu la Mchezo Usiousikia

Mtu akijibu sawasawa swali juu ya mchezo ambao hakuusikia hata siku moja, je, amejua au amebahatisha? Swali hili laonekana jepesi mpaka lipewe mahali pa kukaa. Na likae Geita, katika chemsha bongo ya vijana. Anayeinuka kujibu ni binti aliyezaliwa baada ya mwaka 2000. Baba yake huchimba dhahabu katika maduara ya wachimbaji wadogo, na mjomba wake ni dereva wa lori, hupakia mizigo Isaka, mkoani Shinyanga, akaipeleka Rwanda na Burundi. Swali lasomwa: katika mchezo wa redio Twende na Wakati, ni nani aliyepata UKIMWI, Mkwaju dereva wa lori, au Fundi Mitindo mshona nguo?

Mchezo huo ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993, binti hajazaliwa. (Wapo na watu wazima wasiousikia hapo mwanzo: eneo la kituo cha Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka 1995, kwa kuwa watafiti walitaka kuwalinganisha waliousikia na wasiousikia.) Hana kumbukumbu ya kuitegemea. Anacho alichopewa katika swali, basi.

Anaanza na jina. "Twende" ni wito. Humwita msikilizaji aondoke alipo. Mchezo unaojiita hivyo hauwezi kukosa mtu atakayekataa kwenda, kwani wito usiokataliwa na yeyote hauna kisa. Si kila jina hufunguka namna hiyo. Siri ya Mtungi, tamthilia ya televisheni ya miaka ya baadaye, imechukua jina lake katika methali ya mtungi na kata, na jina hilo halisemi ni nani atakayeangamia. Lasema tu kwamba kuna jambo la ndani.

Kisha atazame wahusika. Mitindo ni neno la mambo yanayobadilika. Fundi mwenye jina hilo yu karibu na wakati kuliko mwenzake. Mkwaju ni mti wa tunda kali. Lakini hapa asikae sana, maana mkwaju una kivuli pia, na jina la mtu peke yake ni ushahidi dhaifu.

Nguvu imo katika umbo. Mchezo ulisanifiwa kwa njia ya Miguel Sabido wa Meksiko, ambaye hupanga wahusika wa namna tatu: anayeshika mwenendo unaohimizwa, anayeupinga, na anayeyumba katikati mpaka akaamua. Anayepinga huvuna alichopanda mbele ya masikio ya wasikilizaji, tena polepole, kipindi baada ya kipindi. Mchezo wa elimu wa mwaka 1993, wenye uzazi wa mpango na UKIMWI kwa mada, unamhitaji mtu mwenye wake wa njiani; na kazi ya safari humpatia mtunzi sababu iliyo tayari. Binti anajibu: Mkwaju. Na ndivyo ilivyokuwa. Mkwaju aliupata ugonjwa, na Tunu, mkewe, akamwacha akajitegemea.

Hakubahatisha, ila hakujua kama ajuavyo aliyesikia. Alichokijua ni haja ya mchezo. Mpaka wa ujuzi huo wapimika kwa swali moja: je, jibu likibadilishwa, mchezo utaharibika? Mkwaju akipona na kustawi, wito wote unaanguka. Kwa hiyo umbo linasema. Lakini akiulizwa ni nani aliyeigiza sauti ya Tunu, waigizaji wangeweza kubadilishana na mchezo ukabaki uleule. Hapo umbo ni bubu, na atakayejibu kwa uso mkavu anadanganya hata akipatia. Uaminifu wamtaka aseme "nakisia" pale, na "nahitimisha" hapa.

Lipo zito zaidi. Hoja iliyompatia pointi imepita juu ya mjomba wake. Watunzi walimchagua dereva kwa sababu maradhi yalisafiri sana katika barabara kuu, na mchezo hauna nafasi ya madereva elfu. Unaye mmoja, naye lazima abebe hatari yote. Hivyo kutoka dereva hadi ugonjwa ni njia halali ndani ya mchezo, kwa kuwa kuna mtunzi aliyeitengeneza. Isaka hakuna mtunzi. Lori liingialo kule limebeba mtu ambaye hakuandikiwa mwisho wake. Na wachimbaji wa Geita waijua hesabu hiyo inapogeuzwa: mgeni asikiaye "mgodini" huwa amekwisha kuhitimisha juu ya vijana wa maduara na wanawake wauzao chakula kando yao, kana kwamba alisikia kipindi.

Majaji huandika pointi, hawaulizi njia. Mjomba, akiwamo ukumbini, amesikia jibu likipigiwa makofi, na usiku huohuo ana safari.