"Nataka Mtu"

Mtu aliyetuma fedha kwa simu zikaenda kwa namba isiyo yake huweza kuiandikia kampuni maneno mawili tu: "Nataka mtu." Hasalimu, haelezi. Ni usiku wa manane, na ujumbe wake unapokewa na mtambo. Je, ajibiwe nini?

Mara nyingi huambiwa, "Karibu, eleza shida yako." Huo si uongo, lakini hakujibiwa alichotaka, naye huondoka. Lililo baya zaidi ni kumwambia, "Mhudumu anakuja sasa hivi," na ofisi imefungwa. Huo ni uongo, na aliyeuandika ni mtu, si mtambo.

Mimi ningeliandika hivi: "Hapa ni mtambo. Wahudumu huanza saa mbili asubuhi. Umekwisha kuwekwa katika foleni. Ukipenda, tuma namba ya muamala ili mhudumu aanze nayo. Namba ya siri usiitume."

Swali hilo moja latosha, kwani kwa namba ya muamala mhudumu huona kiasi, saa na aliyepokea. Lakini "ukipenda" liwe kweli. Likigeuka sharti, ni kumchosha tu ili akate tamaa. Na kama mhudumu yupo, apelekwe kwake bila maswali.

Tena fedha zaweza kutolewa kabla ya mapambazuko. Kule Kenya, mteja wa M-Pesa huweza kupeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456 kuomba zirudishwe. Njia kama hiyo ikiwapo, itajwe kwanza.