Picha ya Boksi

Idi alikuwa na fremu ndogo Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akiwauzia simu wateja wa mikoani waliolipa kwanza na kupokea mzigo kwa basi. Siku moja mteja wa Iringa alirudisha simu ikiwa imepasuka kioo.

"Kaka, ndivyo ilivyonifikia. Naomba hela yangu."

Idi aliiwasha akabonyeza *#06#. Ile namba ya IMEI yenye tarakimu 15 haikulingana na iliyobandikwa kwenye boksi. Akaona kesi imekwisha. Mteja akajibu kwa upole kabisa: "Basi wewe ndiye uliyeiweka kwenye boksi la simu nyingine."

Hapo Idi alikwama. Namba ya boksi inasema kilichotoka kiwandani, haisemi kilichokuwemo siku alipolifunga. Alirudisha pesa, akabaki na simu mbovu ambayo aliamini si yake.

Mzee mmoja, muuza vipuri wa duka la jirani, alimuuliza kama alipiga picha. Alikuwa nayo, tena nzuri: boksi lililofungwa, liko juu ya kaunta.

"Mwanangu, hii ni picha ya boksi. Ya simu iko wapi?"

Idi alibadili utaratibu. Sasa huwasha simu, huleta namba kwenye kioo, kisha huilaza kando ya lebo ya boksi, chaji na risiti yenye jina la mteja, vyote ndani ya picha moja. Vikipigwa kimoja kimoja, mbishi atasema kila picha ni ya mzigo mwingine. Taa ikimulika kioo namba hazisomeki, kwa hiyo huinamisha simu kidogo na kukuza picha kuhakiki kabla ya kufunga. Akishafunga, husaini kwa kalamu ya wino mzito, nusu ya saini juu ya solotepu na nusu juu ya boksi. Anayebandua solotepu hupata shida kuzilinganisha tena. Picha ya pili ni ya saini hiyo, ya tatu ni ya risiti ya ofisi ya basi. Zote humfikia mteja kabla basi halijaondoka, ili tarehe na saa zibaki kwenye simu ya mteja pia. Simu zenye nailoni ya kiwandani hazifungui, maana wanunuzi wengi huzikataa zikiwa zimechanwa; hizo hupiga picha ya lebo na nailoni tu, akijua ushahidi wake hapo ni mdogo.

Haukupita muda, mama mmoja wa Dodoma akapiga simu kwamba hakuona chaji. Idi, kifua mbele, akafungua picha amwoneshe. Simu ipo, boksi lipo, risiti ipo. Chaji haipo. Kijana wake wa dukani alikuwa ameisahau kwenye droo.

"Samahani mama, chaji inakuja na basi la kesho asubuhi. Nauli ya mzigo ni juu yangu."